Adapta: Jina Moja, Vifaa Vitatu

Geuza chaja ya laptopu, kile kiboksi cheusi kilicho katikati ya waya mbili, usome mgongoni mwake. Mara nyingi utakuta kumechapishwa AC ADAPTER. Sasa nenda kwenye duka la vifaa vya umeme pale Kenyatta Avenue mjini Nakuru, uombe adapta. Utapewa kitu kingine kabisa: kipande cha plastiki kisichojaa kiganja, chenye miguu ya chuma upande mmoja na matundu upande wa pili, cha kuwezesha plagi ya nchi moja kuingia kwenye soketi ya nchi nyingine. Na jirani aliyerudi kutoka Marekani na blenda yake anapokuambia kwamba haitumiki bila adapta, yeye anazungumzia boksi zito lenye koili za shaba ndani, linaloshusha umeme wetu ufikie kiwango cha kule.

Wote watatu wamelitumia neno vizuri. Watu wakiwa wamesimama kwenye kaunta moja haliwatatizi, kwa sababu mnunuzi hunyoosha kidole na mambo yakaisha. Tatizo huja pale anayeomba yuko Leipzig na anayenunua yuko Njoro, na katikati kuna kifurushi kitakachosafiri kwa wiki kadhaa na kulipiwa posta kwa uzito wake. Mwanafunzi akiandika tu "nitumieni adapta ya laptopu", mzazi makini atapanda matatu hadi mjini, anunue kipande cha plastiki, akitume kwa roho safi. Ilhali chaja yenyewe imebaki kwenye droo ya kabati.

Kwa hiyo nitaifafanua istilahi hii kwa kuifuata kazini. Tumchukue mwanafunzi wa Njoro anayesoma Leipzig. Laptopu yake ni HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya zile mashine za mtumba zilizojaa madukani mwetu. Aliondoka akaiacha chaja nyumbani, na katika droo hiyo zimo chaja tatu za laptopu, zote nyeusi, zote zimeandikwa wati 65. Nyumbani wanatakiwa kufanya mambo mawili: kuchagua iliyo sahihi, kisha kuamua ni nini cha ziada kitakachoiwezesha kuingia kwenye ukuta wa Ujerumani. Maswali hayo mawili ni tofauti, na neno adapta limeyafunika yote.

Tuanze na kiboksi. Lebo yake ina mistari miwili yenye maana kuliko mingine yote, na kwenye chaja ya mashine hii husomeka hivi au karibu na hivi:

```
INPUT:  100-240V~  50-60Hz
OUTPUT: 19.5V ⎓ 3.33A  65W
```

Mstari wa kwanza unaeleza umeme unaoingia kutoka ukutani. Kile kialama cha wimbi ni cha mkondo geu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na hezi ndizo zinazohesabu mizunguko hiyo. Umeme wetu wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Wa Ujerumani ni volti 230 na hezi 50. Lebo inasema kiboksi kinakubali chochote kati ya volti 100 na 240, na hezi 50 hadi 60. Hapo swali la volti limekwisha. Kiboksi hiki hakihitaji kusaidiwa na kifaa kingine kubadili umeme, si Ujerumani wala kwingine. Chaja nyingi za simu na laptopu zinazouzwa leo ziko hivyo, lakini lebo isomwe tu, maana zipo zilizoandikwa 220-240V peke yake, na hizo haziwezi kutegemewa katika nchi za volti 120.

Mstari wa pili ni wa umeme unaotoka kuelekea laptopu. Mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake ni alama ya mkondo mnyoofu, umeme unaokwenda upande mmoja tu, ambao ndio betri inaouelewa. Hapa kuna kanuni mbili zinazochanganywa sana. Volti lazima zilingane na zile ambazo laptopu inataka. Ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi, kwa kuwa ampea za kwenye lebo ni kiwango cha juu ambacho chaja inaweza kutoa, si kiwango inachosukuma kwa nguvu. Laptopu huchota inachohitaji. Zikipungua ndipo shida inapoanza. Chaja ya wati 45 kwenye mashine iliyozoea 65 itachaji polepole, au kompyuta itaonyesha onyo kwenye kioo, au betri itaendelea kushuka huku umechomeka endapo kazi ni nzito.

Ukizidisha volti 19.5 kwa ampea 3.33 unapata kama 65, na hapo ndipo zile wati zinapotoka. Ndiyo maana wati peke yake hazitoshi kumtambulisha mtu chaja. Katika ile droo, chaja ya pili ni ya Lenovo, volti 20 kwa ampea 3.25, nayo ni wati 65 vilevile. Ya tatu ni ya HP ya zamani, pia wati 65. Kinachozitenganisha haraka zaidi ni ncha. Lenovo ile ina ncha bapa ya mstatili. HP ya zamani ina ncha nene ya duara yenye kipenyo cha milimita 7.4, yenye sindano katikati. Ile ya 840 G3 ni nyembamba, milimita 4.5, na ndani ya mdomo wake kuna plastiki ya bluu. Wauzaji huiita pini ya bluu na mtu akiitaja hivyo dukani anaeleweka. Sindano ya katikati katika chaja hizo mbili za HP haibebi umeme wa kuchajia. Inaiwezesha laptopu kuitambua chaja na uwezo wake, na ikivunjika au kupinda, kompyuta inaweza kulalamika kwamba haiijui chaja hata kama volti ziko sawasawa. Kabla ya kufunga kifurushi, elekezeni ncha kwenye mwanga mtazame kama sindano imesimama wima katikati.

Hapa ndipo ninapotaka kulitetea jina letu la chaja, ingawa watengenezaji wana sababu ya kuandika adapta. Kiufundi, kile kiboksi hakichaji betri. Kinageuza umeme wa ukutani kuwa volti 19.5 za mkondo mnyoofu, basi. Kazi ya kuilisha betri, kuipunguzia inapokaribia kujaa na kusimamisha ikishajaa hufanywa na saketi iliyo ndani ya laptopu yenyewe. Mtengenezaji anakiita adapta kwa sababu kinarekebisha umeme ulingane na mashine. Lakini watu wa Kiswahili wamekipa jina kwa kazi wanayoiona: ukikichomeka, laptopu inachaji. Jina hilo limeshika kuanzia kwa mwanafunzi wa Egerton hadi kwa mama muuza simu, na halimpotoshi mtu dukani. Sioni faida ya kulibomoa. Kiboksi na waya zake kibaki kuwa chaja, hata kama mgongoni kimeandikwa vingine.

Swali la pili ni la ukuta. Soketi zetu ni za mtindo wa Kiingereza uliowekewa kiwango cha BS 1363 mwaka 1947: miguu mitatu ya mstatili, na fyuzi ndani ya plagi. Mguu wa juu ni mrefu kuliko ile miwili ya chini, na una kazi mbili. Kwanza ni wa waya wa ardhi, ambao mafundi huuita erthi. Pili, kwa kuwa ni mrefu, unatangulia kuingia na kufungua vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya umeme. Ni nani kwetu hajaona mtu akichokonoa tundu la juu kwa kalamu ya biro ili plagi ya miguu miwili ipenye? Hicho anachokifungua ni ulinzi uliowekwa kwa ajili ya vidole vya watoto, na plagi iliyoingizwa hivyo hukaa kwa kulegea, ikapata moto na kuunguza soketi.

Soketi ya Kijerumani ni shimo la duara lililodidimia ukutani, lenye matundu mawili ya duara ndani yake, na erthi yake ni vibanio viwili vya chuma vilivyo ubavuni mwa shimo. Adapta ya kutoka kwetu kwenda huko kwa hiyo ni kipande chenye matundu matatu ya mstatili mbele na miguu miwili ya duara nyuma. Ndani yake hakuna ufundi wowote ila vipande vya shaba vinavyounganisha upande mmoja na wa pili. Volti zinazoingia ndizo zinazotoka. Kinachobadilika ni umbo la pini tu, na ndiyo maana napendelea kukiita adapta ya pini, maneno mawili yanayosema kinachofanyika na kisichofanyika.

Kwenye ununuzi wa adapta hiyo kuna makosa mawili ya kuangalia. La kwanza ni umbo la nje. Adapta nyingi za bei ya chini zina mwili wa mraba au mpana, nazo haziingii kwenye lile shimo la duara lililodidimia. Miguu inaishia hewani. La pili ni erthi. Adapta yenye miguu miwili myembamba bila kitu kingine inaukata waya wa ardhi. Kwa chaja ya simu haidhuru. Itazame lebo yake: utaona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, alama ya kwamba imekingwa mara mbili na haihitaji erthi, na mguu wake wa juu mara nyingi ni wa plastiki tupu, upo wa kufungulia vifuniko. Chaja ya laptopu yenye waya wa nyaya tatu ni habari nyingine. Ikikosa erthi laptopu itafanya kazi, ila ukiigusa sehemu yake ya chuma huku imechomekwa utahisi mtetemo mwepesi vidoleni. Ni umeme kidogo sana unaopenya kwenye vichujio vya ndani ya kiboksi, ambao ungeshuka ardhini kama erthi ingekuwepo. Adapta inayofaa kwa chaja kama hiyo ina mwili wa duara na vipande vya chuma ubavuni vya kugusana na vile vibanio.

Lakini chunguza tena kiboksi chenyewe. Waya unaokwenda ukutani haujashikanishwa nacho, unachomoka. Mwisho wake una mdomo wa matundu matatu yaliyokaa kama petali za ua, na mdomo huo ni wa kiwango cha kimataifa, unaitwa C5. Unapatikana Leipzig kama unavyopatikana Nakuru, tofauti ikiwa plagi ya upande wa pili tu. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hahitaji adapta yoyote kwa laptopu. Anahitaji kiboksi na waya wake mwembamba unaoingia kwenye kompyuta, kisha anunue huko huko waya wa C5 wenye plagi ya Kijerumani. Erthi itakuwepo, kifurushi kitapungua uzito, na hakuna kipande kilichoning'inia ukutani. Baadhi ya chaja zina mdomo wa matundu mawili yaliyoungana kama namba nane. Hizo huchukua waya wa C7, na haziingiliani na za C5.

Haya yote yakiwekwa katika baruapepe kwa watu wasio mafundi, yanaweza kukaa hivi:

*Mama na Baba, habari za nyumbani? Mimi ni mzima, masomo yanakwenda vizuri, ni baridi tu imeanza kubana.*

*Naomba mnitumie chaja yangu ya laptopu. Iko kwenye droo ya chini ya kabati la sebuleni pamoja na nyingine mbili. Zinafanana, kwa hiyo msiangalie rangi ya kiboksi. Tazameni ncha inayoingia kwenye kompyuta: yangu ni nyembamba, na ndani ya mdomo wake kuna rangi ya bluu. Kisha msome mgongoni, mstari ulioandikwa OUTPUT. Lazima uwe na 19.5V na 3.33A. Mkiona 20V, hiyo ni ya dada. Mkiona ncha nene, ni ile ya zamani.*

*Nipigieni picha mbili kabla ya kufunga, moja ya lebo na moja ya ncha kwa karibu, mnitumie kwa WhatsApp. Nisiposema "ndiyo hiyo", msipeleke posta.*

*Ule waya mnene wenye plagi ya miguu mitatu uchomoeni mbaki nao. Mimi nitanunua wa huku.*

*Chaja ya simu pia naomba, ile nyeupe. Hiyo plagi yake haichomoki, kwa hiyo nitahitaji adapta ya pini. Baba, ukienda mjini mwambie muuzaji: adapta ya kutoka plagi ya Kenya kwenda soketi ya Ujerumani, mwili wa duara, miguu miwili ya duara. Kama ni ya mraba, iache. Haina haja ya kubadilisha volti, kwa hiyo ukiambiwa ununue boksi kubwa la kupunguza umeme, kataa.*

*Najua kaka atataka kuniongezea pawabenki yake. Mwambieni asante, lakini isiwekwe. Betri za lithiamu zilizo peke yake haziruhusiwi kwenye barua za ndege, na kifurushi kizima kinaweza kuzuiwa. Chaja hazina betri, hazina shida.*

*Posta watawapa kijikaratasi cha forodha, CN22. Andikeni kila kitu kwa jina lake: chaja ya laptopu iliyotumika, chaja ya simu iliyotumika, adapta ya pini, na thamani ya kila kimoja. Msiandike "vifaa" tu. Tieni alama kwenye kisanduku cha zawadi.*

*Msalimieni nyanya.*

Ukiisoma tena utaona neno adapta limetokea kwenye aya mbili tu, na katika ile ya kwanza likafuatwa na maelezo ya pande zake zote mbili: linatoka wapi, linakwenda wapi. Chaja imetambulishwa kwa ncha na volti, vitu ambavyo mtu anaweza kuviona na kuvisoma bila kujua mkondo geu ni nini. Kuhusu ile forodha, zawadi kutoka kwa mtu binafsi nje ya Umoja wa Ulaya kwenda kwa mtu binafsi ndani yake haitozwi ushuru ikiwa thamani yake haizidi yuro 45, na chaja mbili zilizotumika hazifiki huko. Kama laptopu ingekuwa ya kuchaji kwa USB-C, sehemu kubwa ya barua isingehitajika, kwa sababu tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya zinatakiwa kutumia mdomo huo, na laptopu zimewekewa tarehe 28 Aprili 2026. Angenunua chaja ya wati za kutosha dukani kwao.

Je, tuliache neno adapta lilivyo au tuunde la kwetu? Wapo watakaopendekeza kigeuza-pini, kwa kufuata ule utaratibu wa ki- ya kifaa na kitenzi, na kimaana limekaa sawa. Ningelikubali katika mwongozo wa matumizi au kitabu cha fizikia cha shule ya upili, mahali ambapo kuna nafasi ya kulifasili. Katika barua ya kumtuma mtu dukani nitabaki na adapta ya pini, kwa kuwa muuzaji analijua neno la kwanza na la pili linamzuia kukosea. Wakenya wamekuwa hodari wa kubuni: kipakatalishi kwa laptopu, rununu kwa simu ya mkononi. Maneno hayo yameingia madarasani na magazetini, lakini kaunta za Nakuru bado zinasema laptopu na simu, na anayetuma kifurushi hana budi kuzungumza na kaunta.

Kifaa cha tatu, kile cha kubadili volti, tukiite transfoma, jina ambalo kila aliyewahi kukatikiwa na stima mtaani analijua kutoka kwenye nguzo. Barua ya kwenda Leipzig haikukihitaji. Barua ya kwenda Toronto au Minneapolis, kwenye volti 120, pia haikihitaji kwa chaja, mradi lebo isome 100-240V. Adapta ya pini bapa inatosha. Kinapohitajika ni pale mama anapotaka kujaza nafasi iliyobaki kwenye boksi kwa pasi ya nguo au mashine ya kukaushia nywele. Vitu hivyo vina koili ya joto na lebo yake ni 220-240V. Pasi ya wati 1,200 ikipewa nusu ya volti zake, mkondo nao unapungua nusu, na nusu ya nusu ni robo: itatoa wati 300, ipate uvuguvugu na isinyooshe shati. Kinyume chake ni hatari zaidi, kwani pasi ya Marekani ya volti 120 ikichomekwa Nakuru kwa adapta ya pini inalazimishwa kubeba wati mara nne ya ilizoundiwa, na huungua dakika hiyo hiyo. Transfoma ya kuimudu pasi kama hiyo ina uzito wa kilo kadhaa, na kuituma kwa ndege kunagharimu kuliko pasi mpya. Mama aiache pasi nyumbani, na nafasi hiyo aijaze majani ya chai.